Asilimia za Mkwe

Kiti cha benki kilikuwa na joto la mtu mwingine. Mama Sindano alilihisi mara tu alipokaa, joto la makalio asiyoyajua, na kitambaa cha kile kiti kilikuwa na unyevu kidogo pale katikati. Alisogea hadi ukingoni akabaki amening'inia kama ndege kwenye waya. Pembeni yake kaka yake alikaa akajaa, akatandaza miguu, kama aliyefika kwake.

Huyu kaka mtaani wanamwita Bwana Risiti. Alikuwa msimamizi wa ghala miaka mingi, na tangu astaafu hajaacha kudai risiti, hata akinunua kiberiti. Muuza nyanya sokoni akimwona anakuja humwambia mapema, "Mzee, leo sina karatasi." Yeye Mama Sindano ni mshonaji wa sare za shule, na jina lake la utani alilipata kwa tabia ya kutembea na sindano zimechomekwa kifuani mwa blauzi, hata msibani. Wamezaliwa wawili tu. Mama yao alipofariki aliwaachia kiwanja, wakakiuza, wakapata milioni sita, na milioni sita hizo ndizo zilizowaleta pale asubuhi ile.

Mwaka uliopita Bwana Risiti alitaka wagawane palepale, kila mtu ashike tatu zake. Ni yeye Mama Sindano aliyemzuia. Alimwambia, kaka, mkwe wangu yuko benki, anasema tukiziweka amana ya muda maalumu kwa mwaka mzima, ile wanayoita fiksi, atatuombea kiwango cha pekee, asilimia kumi na moja. Kaka mtu akakuna kidevu. Akahesabu kwa vidole: kumi na moja kwa mia ya milioni sita ni laki sita na sitini, serikali ikate kodi yake ya zuio, sehemu moja ya kumi, zibaki laki tano na tisini na nne. "Haya," akasema, "lakini zikipungua nitakudai wewe. Mkwe si wangu." Walicheka wote wawili. Akaunti ikafunguliwa kwa majina mawili, ya saini mbili, hakuna wa kutoa bila mwenzake. Mkwe, mume wa bintiye, aliwajazia fomu kwa mkono wake mwenyewe, wao wakatia saini pale alipoweka alama ya kalamu.

Sasa mwaka ulikuwa umetimia, na dada wa dawati la huduma alikuwa amewaambia kwamba riba yao, baada ya kodi, ni laki tatu na elfu hamsini na moja.

"Rudia, mwanangu," Mama Sindano alisema.

Yule dada alirudia. Alikuwa na sauti nzuri na kucha ndefu zilizogonga vibonye kama mvua ya mabati, na mdomoni alikuwa na kitu anakitafuna, anakihamisha shavu hili na lile. Mezani kulikuwa na bakuli la peremende za wateja. Moja ilikuwa imefunguliwa, ikarambwa, ikarudishwa na karatasi yake, na sasa imegandana na nyingine. Mama Sindano aliiona akageuza uso.

"Tuliahidiwa kumi na moja," alisema.

"Mlipata kumi na moja, mama. Miezi mitatu ya kwanza." Dada aligeuza kioo cha kompyuta ili waone. "Hii amana ilifunguliwa kwa miezi mitatu, siyo mwaka. Kiwango maalumu, kumi na moja. Ikaiva, yaani muda wake ukaisha. Ilikuwa na maagizo ya kujihuisha yenyewe, kwa hiyo ikaanza upya, lakini kwa kiwango cha kawaida cha benki cha siku hiyo, asilimia tano. Ikaiva tena, ikahuishwa. Mara tatu. Riba ya kila awamu iliingia kwenye akaunti yenu ya akiba. Ukijumlisha, ndiyo hiyo."

"Nani alisema ihuishwe kwa tano?"

"Ndiyo maana tunatuma ujumbe kabla haijaiva. Mteja asipojibu, mfumo unaendelea. Ujumbe ulikwenda kila mara, naona hapa."

"Kwenda wapi? Mimi sikupata ujumbe."

"Wala mimi," alisema Bwana Risiti, na sasa miguu ilikuwa imekusanyika chini ya kiti.

"Kwa namba yenu. Si hii?"

Mama Sindano hakuwa amevaa miwani. Kaka yake alivaa yake, akainama hadi pua ikakaribia kioo, akaisoma ile namba polepole, akatoa simu yake ya vibonye akaibonyeza tarakimu baada ya tarakimu. Dada alisema, "Mzee, siyo lazima upige." Mzee alishapiga.

Ikaita. Iliita kwenye sikio la Bwana Risiti, na iliita pia nyuma ya ukuta wa kioo chenye ukungu, mlango wa tatu, kwa mlio wa kengele za harusi ambao Mama Sindano alikuwa akiusikia kila Jumapili sebuleni kwa bintiye.

Mlio ulikatwa ghafla, kama mtu ameukalia.

"Kumbe," alisema Bwana Risiti. Aliifunga miwani yake akaitia mfukoni. "Kumbe ujumbe ulifika. Umefika kwa mkweo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, lakini mimi sikujua nguo yenyewe nimeshonewa na dada yangu."

"Kaka, mimi sijui habari hiyo."

"Hujui. Namba ya mkweo ipo kwenye akaunti ya pesa za mama yetu na hujui. Laki mbili na elfu arubaini na tatu zimeyeyuka na hujui. Basi sawa, wewe hujui na mimi sijui, anajua mbuzi."

Mlango wa tatu ukafunguka, mkwe akatoka. Alikuwa kijana mzuri wa sura, shati jeupe, tai ya rangi ya benki, na manukato mazito yaliyomtangulia hatua kadhaa, matamu, mazito, kama matunda yaliyolala mahali pa joto. Mama Sindano siku zote alikuwa akijisemea kwamba ni manukato ya gharama. Leo yalimchefua.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Jamani, mbona hamkuniambia mnakuja?" Alikuwa anatabasamu, lakini midomo ilikuwa imekauka na ilimganda kwenye meno. "Hili ni jambo dogo la mfumo. Mama, niachie mimi. Nitakuja nyumbani jioni tuongee vizuri."

"Ongea hapa," alisema Bwana Risiti.

"Mjomba, hapa ni kazini."

"Na pesa yangu iko wapi, shambani?"

Mkwe alicheka. Alicheka kweli, akamgusa mjomba begani kama wanavyogusana wanaume baada ya mzaha, kisha akarudi kwenye mlango wake wa kioo. Dada wa dawati alikuwa ameacha kutafuna. Aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba ameizuia amana isijihuishe tena, na wakitaka kulalamika rasmi, meneja anakaa na wateja kesho asubuhi.

Nje, kwenye ngazi, Mama Sindano alisema tena kwamba hajui. Bwana Risiti hakumtazama. "Uso wa mama yetu," alisema, "nilikuwa nauona kwako. Leo sijui namwona nani." Akaenda zake.

Maneno yale ndiyo aliyorudi nayo. Pesa ilimuuma, ndiyo, hakuna mshonaji asiyejua vifungo vingapi viko ndani ya laki mbili. Lakini ni lile la uso lililomkaa. Tangu utoto walikuwa wakigawana embe moja kwa kisu, na yeye ndiye aliyekuwa akikata, na kaka ndiye aliyekuwa akichagua, na hakuna siku kaka aliwahi kuvipima vipande kwa jicho. Sasa anampima. Angefanya lipi ili kaka yake amwone tena kama zamani?

Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba, kimejaa kaptula za kaki. Jioni alikuwa anatia pindo mkwe alipoingia na binti yake. Binti alikuwa amelia. Kope zilikuwa zimevimba. Mkwe alikuwa amebadilisha shati lakini si manukato.

Salamu ziliisha upesi. Mkwe ni mkwe, na kwa mwaka mzima heshima ile ilikuwa imewafunga wote wawili vinywa. Mama hakuwahi kumuuliza habari za riba, maana mtu na akili zake hawezi kumdai mkwe hesabu kama anamdai muuza mkaa. Mkwe naye alikaa na jambo lake kimya, na kila Jumapili akimkatia mama mkwe nyama laini.

"Niliomba mwaka, mama," alianza. "Makao makuu wakanikubalia miezi mitatu tu. Nikaona haya kukwambia, nikasema ikiiva nitaomba tena. Nikaomba, wakakataa. Nikaomba tena."

"Na namba yako?"

"Niliweka yangu ili usisumbuliwe na meseji. Wewe na simu, mama, unajijua."

"Na mimi nilijulishwa lini kwamba ni tano?"

Aliangalia kaptula.

"Mama, kulikuwa na shindano," alisema binti, kwa haraka, kama anayetoa mwiba. "Wafanyakazi wote. Atakayeleta amana nyingi kabla ya robo mwaka kuisha. Bila ile yenu asingefika. Zawadi yake ndiyo ile televisheni."

Mama Sindano aliiona akilini televisheni ile: pana, nyeusi, imejaa ukuta wa sebule ya bintiye. Alikuwa ameipigia makofi ilipowashwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa mbele yake akila, akimsifu mkwe kwa bidii, na mfukoni mwa shati la mkwe simu ikitetemeka kwa habari za amana yake. Nyama laini zote za Jumapili zilimrudi kooni. Aliichomeka sindano kifuani.

Mkwe alidhani njia imefunguka. Alitoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya mashine ya kushonea.

"Laki moja, elfu ishirini na moja na mia tano," alisema. "Sehemu yako yote iliyopungua, mama. Haipungui hata senti."

"Na ya kaka?"

"Mjomba…" Alisogeza kiti, akashusha sauti, na manukato yakasogea naye. "Mjomba tutamwambia ni kodi na makato. Yeye ni mtu wa risiti, nitamtolea karatasi. Wewe ukisema umeridhika, na kwa kuwa ni saini mbili, malalamiko yake peke yake hayataenda mbali. Mambo yataisha ndani ya familia."

Kuna kipande cha nyama mtu hutafuna, akahisi kwa ulimi kwamba kimeoza, na hana pa kukitema kwa sababu wageni wanamtazama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alichokiona Mama Sindano pale si wizi tu. Mtoto huyu alikuwa ameketi ndani ya nyumba yake akimpa ule ule wizi ambao kaka yake amemsingizia, umekunjwa vizuri ndani ya bahasha, na anataka ashukuriwe.

"Toa hicho kitu juu ya mashine yangu," alisema.

"Mama, chukua," binti alisema. "Akifukuzwa tutaishi vipi? Kodi ya nyumba, mimba hii—"

"Mimba yako naijua, nitaishonea nepi. Lakini hii sili." Alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki, akaishika bahasha kwacho kama mtu anavyoshika panya aliyekufa, akairudisha mapajani mwa mkwe. "Kesho asubuhi mimi na kaka tutakuwa kwa meneja. Wewe utakuwepo. Utasema mbele ya mjomba wako nani aliandika ile namba. Ukisema, nimekuombea. Usiposema, nitasema mimi, na ya bahasha pia."

"Unanimaliza, mama."

"Ulijimaliza mwenyewe, baba, mimi nimekuta sahani tupu."

Binti aliondoka bila kuaga. Hilo lilimuuma kuliko yote ya siku ile, na kaptula aliyokuwa anaipinda aliimaliza upande mmoja mrefu kuliko mwingine.

Meneja waliyemwona asubuhi iliyofuata alikuwa mwanamume mnene, msafi kupita kiasi, aliyejipaka dawa ya mikono kabla na baada ya kuwasalimia. Bwana Risiti alikuja, lakini alikaa kiti cha mbali. Walisimulia. Meneja alisikiliza akiitikia kwa kichwa, akasema ameshaongea na mtumishi wake, na kwamba kwa mkataba walioutia saini benki haidaiwi: miezi mitatu imeandikwa miezi mitatu. Hata hivyo mtumishi amekiri kwamba aliwaahidi mwaka, na ujumbe wa kuhuisha haukuwafikia wateja wenyewe. Kwa hiyo makao makuu yamekubali kuwalipa tofauti, kumi na moja kwa mwaka mzima, kodi ikishakatwa. Laki mbili na arubaini na tatu. Wakitia saini leo, keshokutwa zimo kwenye akaunti.

Bwana Risiti alivuta kiti mbele.

Meneja akawasukumia barua. Bwana Risiti alitia saini yake kabla karatasi haijatulia mezani, kisha akampa dada yake kalamu. Kalamu ilikuwa na jasho la viganja viwili.

Safari hii Mama Sindano alikuwa na miwani. Alisoma polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Meneja alijipaka dawa tena. Kidole kilifika mstari wa nne kikasimama.

"Hapa panasema 'wateja walitoa kwa hiari yao namba ya jamaa yao ili kupokea taarifa za akaunti.'"

"Ni lugha ya ofisi tu, mama," alisema meneja. "Inafunga jambo bila kumwumiza mtu. Hata mkwe wako inamsaidia."

"Lakini mimi sikutoa."

"Weka saini bwana," alisema Bwana Risiti. "Maneno hayo yanapunguza pesa?"

Mama Sindano alimgeukia. Alimtazama vizuri, kuanzia kola yake iliyogeuzwa, ambayo aliigeuza yeye kwa mkono wake, hadi kidole kilichokuwa kimeanza kugonga meza.

"Jana uliniambia huuoni uso wa mama," alisema. "Kwa sababu ya namba hiyo. Leo karatasi inasema ni kweli, niliitoa mimi, na wewe umeshaisaini."

"Jana ni jana. Sasa wanalipa."

"Kwa hiyo nikiwa mwizi wa bure nakuchukiza, nikiwa mwizi wa laki mbili tunapatana."

"Dada, usinipotezee pesa kwa majivuno."

Alihisi tena lile joto la kiti cha benki, lile la watu wengine, likimpanda mgongoni. Aliiweka kalamu chini. Alisema hatasaini, na kama alivyoambiwa jana, saini moja haiendi mbali. Meneja alitazama saa yake. Akasema barua imetoka makao makuu, si rahisi kuibadilisha. Mama Sindano akasema yeye kazi yake ni kufumua na kushona upya, anajua si rahisi, lakini hufumuliwa. Na wakati wanafumua, aitwe mkwe.

Mkwe aliitwa. Alisimama mlangoni, hakuna tabasamu safari hii, na kwa mara ya kwanza hakuwa na harufu yoyote ila ya mtu mwenye hofu.

"Nani aliandika namba yako kwenye fomu yetu?" aliuliza Mama Sindano.

Mkwe alimtazama meneja. Meneja alitazama dawa yake ya mikono.

"Mimi," alisema mkwe.

"Mimi nilijua?"

"Hukujua, mama."

"Mwambie mjomba wako. Yuko pale."

Akamgeukia. "Mjomba, mama hakujua. Wala kuhusu ile tano. Hakujua kitu."

Bwana Risiti alikohoa. "Basi, basi. Tumesikia. Fanyeni karatasi."

Karatasi ilichukua hadi mchana kubadilika. Mstari wa nne sasa ulisema namba iliandikwa na mtumishi wa benki bila wateja kujua. Mkwe hakurudi kwenye mlango wake wa kioo. Walimwona akipita na boksi lenye kikombe na picha ya harusi, akiambiwa akae nyumbani hadi aitwe. Mama Sindano aliiona ile picha, bintiye akiwa ndani ya gauni alilolishona yeye, ikipita kichwa chini. Hakufurahi. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kisha alisaini, na baada ya barua akasaini fomu nyingine aliyoiomba, na kaka naye akaisaini: milioni sita zigawanywe sehemu mbili, tatu kwa kaka, tatu kwenye akaunti yake peke yake, benki nyingine, na tofauti ikilipwa ifuate njia hiyohiyo.

Kwenye ngazi Bwana Risiti alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anapiga hesabu kwa vidole, anachekacheka.

"Mimi nilijua tu," alisema. "Moyoni nilijua wewe huwezi. Nilitaka tu kumtisha yule kijana. Na umemnyoosha, dada, umemnyoosha kama pasi. Sasa sikia, nimewasikia wale mle ndani, wana kiwango kipya cha miezi sita. Tukiunganisha tena zako na zangu, milioni sita si mchezo, meneja mwenyewe hawezi kututazama vibaya. Nimekwisha kukusamehe, mambo yameisha."

"Umenisamehe nini, kaka?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, mdomo wazi, na Mama Sindano alimngoja kwa uvumilivu wote aliokuwa nao, akitumaini neno moja litatoka.

"Si yale mambo," alisema Bwana Risiti.

"Unganisha zako," alisema Mama Sindano.

Kaka akamnyooshea mkono wa kuagana, mkono ule ule uliosaini kabla ya kusoma. Mama Sindano alijifanya anahangaika na zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga, akaifungua, hadi ule mkono ukachoka ukashuka wenyewe. Kisha akateremka ngazi, akashika njia ya kwa bintiye, akijua kabisa kwamba mlango huenda usifunguliwe.